Nani Kamtafuta Nani? Kusoma Mshororo Ulioborongwa Sarufi

Mshairi anayebanwa na mizani na vina huwa haoni haya kuhamisha maneno. Yambwa hutangulia, kiima hufuata, kitenzi husukumwa mwisho. Wanafunzi wengi hukosea hapo kwa sababu hulichukua nomino la kwanza wakalifanya mtenda. Mimi huanza na kitenzi.

Tazama mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya mfano:

Mashamba yote kiboko, usiku kayaharibu

Kila kipande kina mizani nane. Kitenzi ni "kayaharibu", na hiyo "ka" isikupoteze: si ile ya masimulizi kama katika "akaenda", bali ni inkisari ya "ame". Mshairi angeandika "ameyaharibu", utao, yaani kipande cha pili, ungefika mizani tisa. Kwa hiyo kirejeshe kitenzi katika umbo lake kamili kwanza, kisha ukipasue: a-me-ya-haribu. Kiambishi "a" kinadai kiima cha ngeli ya A-WA, na hapo ni kiboko tu anayefaa. "Ya" inayakamata mashamba. Kwa lugha ya nathari: kiboko ameyaharibu mashamba yote usiku. Ngeli zikitofautiana, kazi huishia hapo. Maneno hata yangepinduliwa mara tatu, viambishi havidanganyi.

Taabu huja nomino zote mbili zikiwa za ngeli moja:

Mwana yule mama yake, sokoni kamtafuta

Kipasue tena: a-me-m-tafuta. "A" yaweza kuwa mwana au mama, na "m" vilevile. Sarufi imetuacha njia panda. Katika mazungumzo ya kawaida tungesema mama ndiye aliyetafuta, kwa kuwa "mwana yule" limetangulizwa kama jambo linalozungumziwa na mama ndiye aliye karibu na kitenzi. Nalikubali hilo kama dokezo, lakini silifanyi hukumu, maana mpangilio ndio hasa kitu alichokivuruga mshairi. ("Yake" nayo haisaidii: inatuambia mama ni wa nani, haisemi nani alifanya nini.)

Hapo nashuka mshororo unaofuata:

Akaita jina lake, kila duka akapita

Mtoto aliyepotelewa na mama hulia "mama!", hamwiti kwa jina. Anayeita jina duka hadi duka ni mama, na kiima cha "akaita" kinaendeleza kiima cha "kamtafuta". Basi: mama yake alimtafuta mwana yule sokoni. Ushahidi huu ni wa maana, si wa viambishi, kwa hiyo una uzito mdogo kuliko ule wa kiboko.

Mshororo huo ungekuwa "Akalia peke yake, kila duka akapita", nisingekata shauri mapema. Mama hulia, mwana hulia. Ningeandika fasiri zote mbili pembeni, kisha niendelee kusoma hadi kituo, mshororo wa mwisho wa ubeti.