Ankara ya bima ya mwaka: ni tarehe ipi inayoanza kuhesabu gharama?

Tumchukue mfanyabiashara wa jumla wa Morogoro mwenye lori moja la Fuso, anayefunga hesabu zake kila mwisho wa mwezi. Tarakimu ni za mfano, nimezifanya nyepesi ili kila msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu. Julai 2025 alipata faida ya shilingi 2,900,000. Agosti mauzo yalikuwa yaleyale, mafuta yaleyale, mishahara ileile, lakini daftari likaonyesha hasara ya shilingi 750,000. Septemba faida ikarudi palepale, 2,900,000.

Dukani hakuna kilichoharibika. Mwezi Agosti alilipia bima kubwa ya lori, shilingi 3,650,000 kabla ya VAT, na karani wake akaiandika yote kuwa gharama ya mwezi huo. Mwenye duka akitazama hesabu hizo anaweza kusimamisha oda ya mzigo Agosti kwa hofu, kisha Septemba akatoa fedha nyingi kwa matumizi ya nyumbani akidhani biashara imenyanyuka. Maamuzi yote mawili yatakuwa yametokana na tarehe iliyosomwa vibaya kwenye karatasi moja.

Alichonunua ni siku 365 za kinga. Tarehe 31 Agosti alikuwa ametumia siku 20 tu kati ya hizo. Siku 345 zilizobaki bado ni haki yake kwa kampuni ya bima, na haki uliyokwisha kuilipia ni mali. Kwa hiyo kiasi hicho kinakaa kwenye mizania kwa jina la gharama iliyolipwa kabla, na kila mwezi unaopita unakata kipande chake na kukipeleka kwenye gharama. Kanuni ndiyo hiyo. Kazi ngumu iko kwenye kuitafuta tarehe sahihi.

Fungua hati za bima ya lori lile, ambazo siku hizi huja kwa barua pepe. Juu kulia kuna tarehe ya ankara, 4 Agosti 2025. Chini yake kuna siku ya mwisho ya kulipa, 10 Agosti. Risiti ya kielektroniki inasema 7 Agosti, siku fedha zilipoingia. Zote tatu ni za kweli na zote zinahitajika kwa kazi nyingine, lakini hakuna hata moja inayosema kinga inaanza lini. Tarehe tunazozitaka zimo katikati ya hati, kwenye mstari ulioandikwa `Period of Insurance`: kuanzia 12/08/2025 hadi 11/08/2026. Ankara yenyewe wakati mwingine haina mstari huo kabisa. Ikiwa hivyo, usikisie. Nenda kwenye hati ya bima au stika yake, na kwa magari ya Tanzania Bara unaweza pia kuhakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Ukishazipata, hesabu siku kabla ya kugawa hata senti moja. Toa tarehe ya kuanza kwenye tarehe ya mwisho, kisha ongeza moja, kwa sababu siku ya kwanza na ya mwisho zote zimo ndani ya kinga. Kwenye lori letu jibu ni 365. Hesabu hii fupi ndiyo mlinzi wako mkubwa, na ningependa kila karani aizoee kuliko kanuni nyingine yoyote ya makala haya. Mathalani kompyuta iliyowekewa mpangilio wa Kimarekani huanza na mwezi, hivyo 12/08/2025 itaisoma kuwa 8 Desemba 2025, na 11/08/2026 itakuwa 8 Novemba 2026. Tarehe zote mbili zinaonekana halali, hakuna rangi nyekundu, hakuna onyo. Lakini ukihesabu siku utapata 336, na hakuna bima ya mwaka mmoja yenye siku 336. Hapo unajua siku na mwezi vimebadilishana nafasi.

Ukipata 366, usikimbilie kusahihisha. Huenda kipindi kinapita juu ya 29 Februari ya mwaka mrefu, kama 2028, na basi jibu ni sahihi. Huenda pia hati imeandikwa kuanzia 12/08/2025 hadi 12/08/2026, ambapo siku ya mwisho ni saa ambayo kinga inakoma na si siku kamili ya kinga. Soma maneno yanayofuata tarehe, maana saa huwa imetajwa hapo, kisha amua na uandike uamuzi wako kwenye faili. Tofauti ya siku moja ni ndogo kwa fedha, ila mwakani bima mpya ikianza tarehe ileile, siku hiyo itakuwa imelipiwa mara mbili kwenye vitabu vyako.

Sasa fedha. Jumla ya ankara ni 4,307,000: bima 3,650,000 na VAT ya asilimia 18, yaani 657,000. Biashara hii imesajiliwa kwa VAT na ina risiti halali, hivyo kodi ile inadaiwa kama VAT ya manunuzi na haigawanywi kwa miezi. Kinachogawanywa ni 3,650,000 peke yake. Asiyesajiliwa hana pa kuidai kodi hiyo, kwa hiyo kwake VAT ni sehemu ya bei na atagawa 4,307,000 yote. Kosa la kugawa jumla iliyo chini ya karatasi bila kuuliza swali hili ni la kawaida mno, nami hulikuta hata kwa watu wenye vyeti.

Siku ya malipo, karani anadebiti akaunti ya Bima Iliyolipwa Kabla 3,650,000 na VAT ya Manunuzi 657,000, anakrediti Benki 4,307,000. Kila siku ya kinga ina thamani ya shilingi 10,000. Agosti, kuanzia tarehe 12 hadi 31, ni siku 20, hivyo mwisho wa mwezi anadebiti Gharama ya Bima 200,000 na kukrediti Bima Iliyolipwa Kabla kiasi hichohicho. Septemba ni 300,000, Oktoba 310,000, Novemba 300,000, Desemba 310,000. Akifunga mwaka 31 Desemba, siku 142 zimetumika na gharama ya mwaka 2025 ni 1,420,000. Kwenye mizania zinabaki siku 223, yaani 2,230,000, ambazo ni za 2026. Na ile Agosti ya hasara? Sasa inaonyesha faida ya 2,700,000, na Septemba 2,600,000. Huo ndio mwendo halisi wa duka lake.

Anayetumia jedwali la Excel aweke tarehe ya kuanza kwenye B2, ya mwisho kwenye B3, kiasi kwenye B4, na tarehe mosi ya kila mwezi kuanzia A7 kushuka chini. Fomula hii iwekwe B7 na kuburutwa hadi mwezi wa mwisho:

```
=ROUND($B$4*MAX(0,MIN($B$3,EOMONTH(A7,0))-MAX($B$2,A7)+1)/($B$3-$B$2+1),0)
```

Inachofanya ni kutafuta siku ngapi za kinga zimeangukia ndani ya mwezi husika, basi. Kwa bima hii itatoa mistari 13 na si 12, kwa sababu Agosti inaguswa mara mbili: siku 20 za 2025 na siku 11 za 2026. Kiasi kisipogawanyika vizuri, kukadiria shilingi kunaweza kuacha baki ndogo. Mwezi wa mwisho ubebe chochote kilichobaki ili akaunti iishe sifuri.

Wapo wanaogawa kwa 12 tu, shilingi 304,167 kila mwezi, na kuhesabu Agosti kama mwezi mzima. Kwa kinga inayoanza tarehe mosi sina ugomvi nao. Kwa inayoanza tarehe 12, hadi Desemba watakuwa wameandika takribani 1,520,833, zaidi ya siku zilizotumika kwa karibu shilingi 100,833. Kwa lori moja ni jambo la kuvumilika mradi utaratibu uwe uleule kila mwaka. Kwa kampuni yenye malori 30 si la kuvumilika tena. Na kwa kitu kidogo sana, kama anwani ya tovuti ya elfu chache kwa mwaka, iandike gharama mara moja. Weka tu kiwango chako kwa maandishi ili kisibadilike kulingana na faida unayotaka kuonyesha.

Ada za usajili wa programu za kompyuta zinafuata njia hiyohiyo, ila zina mtego wake: watu huhuisha mapema. Ukilipa 20 Novemba 2025 wakati usajili wa zamani unaisha 14 Desemba, kipindi kipya kwa kawaida kinaanza 15 Desemba. Novemba haipati kitu kutoka kwenye ankara hiyo, na Desemba inapata siku 17. Ankara ikiwa na ada ya kufunga mfumo au mafunzo ya siku moja, iondoe kwanza usiigawe pamoja na usajili kabla hujajua ni huduma ya lini. Ukilipa kwa dola, kiwango cha kubadilishia fedha cha siku ya malipo ndicho kinachobaki hadi mwisho. Shilingi ikipanda au ikishuka, salio hilo haligeuzwi, kwa kuwa hudai dola kwa mtu, unadai huduma.

Utajuaje kama mambo yamekwenda kombo? Kila mwisho wa mwezi, zidisha siku zilizobaki kwa thamani ya siku moja, kisha linganisha na salio la leja. Lori letu lazima lisome 2,230,000 tarehe 31 Desemba. Salio likiwa hasi, kuna mwezi umeingizwa mara mbili. Likiwa limeganda miezi miwili, kuna mtu amesahau. Na ukikuta salio la bima iliyokwisha muda wake, hiyo si mali tena, hata shilingi moja.

Jambo la mwisho la kuangalia ni gari lenyewe. Tuseme lori limeuzwa 31 Machi 2026 na bima ikavunjwa siku hiyo. Zimebaki siku 133, shilingi 1,330,000 kwenye vitabu. Kampuni za bima mara nyingi hazirudishi kwa uwiano kamili wa siku. Ikikubali kurudisha 900,000 kabla ya VAT, kiasi hicho kinahamia kwenye akaunti ya wadaiwa, na 430,000 iliyobaki inakuwa gharama ya Machi palepale. Usiiache iendelee kukatwa polepole hadi Agosti, kwa sababu lori linalokingwa halipo tena uani.