Mtoto anapiga mayowe usiku: anaweweseka au ameota vibaya?

Mwanangu ana miaka 3. Usiku anakurupuka akipiga mayowe, macho wazi, lakini hanitambui. Anaota nini?

Haoti. Anaweweseka: sehemu ya ubongo imezinduka, nyingine bado imezama kwenye usingizi mzito. Hutokea mapema, ndani ya saa moja hadi tatu tangu alale. Jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, ukimkumbatia anakusukuma. Baada ya dakika chache analala tena, na asubuhi hakumbuki chochote.

Ndoto mbaya huja zaidi kuelekea alfajiri. Hapo mtoto ameamka kweli: anakutambua, anakuita, anaogopa kulala tena.

Nimwamsheje?

Usimwamshe. Usimtikise, usimpige vibao, usimmwagie maji. Nimewahi kumpokea mtoto mwenye alama za vidole kwenye mikono yote miwili. Alama zile hazikutokana na kuweweseka, bali na watu wazima waliomkamata ili azinduke. Ukimlazimisha kuamka anachanganyikiwa zaidi, na mayowe yanarefuka.

Sasa nikae tu nimtazame?

Ndiyo. Kaa karibu, ondoa vitu vya kumuumiza, mzuie asianguke kitandani, sema kwa sauti ya chini au nyamaza. Narudia kwa sababu wazazi wengi hawaamini: usimwamshe. Asubuhi usimhoji, utamtia hofu ya kitu asichokijua.

Na akiwa ameota vibaya?

Huyo mfuate mara moja. Mkumbatie, msikilize, kaa naye mpaka atulie. Kumwambia "acha ujinga, lala" ni kumwacha peke yake na hofu yake.

Anaweweseka karibu kila usiku. Nimpe dawa ya mafua ili alale fofofo?

Hapana, tafadhali. Dawa ya mafua si dawa ya usingizi wa mtoto. Mara nyingi tatizo ni uchovu: ameachishwa usingizi wa mchana, au analala amechelewa. Wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Homa nayo huchochea.

Kama analala saa 2:00 usiku na mayowe huanza saa 3:30, mguse taratibu saa 3:15, ajigeuze au afumbue macho kidogo, kisha alale tena. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki 2 hadi 4. Huku ni kumgusa kabla hajaanza, akishaanza, mwache.

Lini nimpeleke hospitali?

Akikakamaa, viungo vikirukaruka, au akitokwa na mate mengi. Vivyo hivyo hali ikijirudia mara kadhaa usiku mmoja kwa namna ileile, au ikimpata mchana: huenda ni kifafa. Akikoroma na pumzi kukatika, mlete pia. Mrekodi kwa simu, dakika moja inatosha, na uje kesho yake. Usisubiri miezi ukidhani ataacha akikua.