Mshahara unafika kileleni mwaka gani? Tuisome vizuri regresheni ya logi ya mshahara

Watu wengi wakishaendesha regresheni ya mshahara wanakimbilia koefishenti ya shule, wanasema "asilimia 9", wanafunga laptopu. Ile ya uzoefu mraba wanairuka kwa sababu kwenye jedwali inaonekana kama sifuri, wakati nusu ya habari iko hapo.

Modeli ni ile ya Jacob Mincer wa 1974: logi asili ya mshahara upande mmoja, upande wa pili miaka ya shule, uzoefu, na uzoefu mraba. Natumia data ya `wage1` kwenye R, ina watu 526 wa Marekani, mwaka 1976, mshahara ni dola kwa saa.

```r
library(wooldridge)
m <- lm(log(wage) ~ educ + exper + I(exper^2), data = wage1)
b <- coef(m)
-b["exper"] / (2 * b["I(exper^2)"])
```

Hiyo `I()` usiiache. Ukiandika `exper^2` peke yake R haikupi erra yoyote, inaichukulia kama `exper` ileile na mraba unapotea kimyakimya, dalili yake ni kwamba unaona koefishenti tatu badala ya nne. Ikienda sawa unapata hivi:

```
log(wage) = 0.128 + 0.0904 educ + 0.0410 exper - 0.000714 exper^2
```

Tuanze na uzoefu. Hapa hakuna namba moja ya "faida ya uzoefu", inategemea umesimama wapi, maana mteremko ni 0.0410 kutoa mara mbili ya 0.000714 mara miaka uliyonayo. Anayeanza kazi mwaka mmoja unamwongezea kama asilimia 4.1, mwenye miaka 10 kama 2.7, mwenye miaka 20 imebaki 1.2 hivi. Mteremko unagonga sifuri pale 0.0410 ikigawanywa kwa 0.001428, yaani miaka 28.7, na hicho ndo kilele.

Sasa angalia balaa la desimali. Jedwali likichapishwa kwa desimali tatu ile namba ndogo inakuwa -0.001, msomaji akipiga hesabu na hiyo anapata miaka 20.5, kilele kimesogea zaidi ya miaka 8 kwa sababu ya kukadiria tu! Kwa hiyo kilele kipige ndani ya programu, usikitoe kwenye jedwali, na kama unaandika ripoti gawa uzoefu mraba kwa 100 kabla ya kuendesha ili koefishenti isomeke -0.0714.

Shule nayo. 0.0904 tunaisoma kama asilimia 9 kwa kila mwaka, na kwa mwaka mmoja haina shida sana, ukiitoa kwenye logi inakuwa 9.5. Shida inakuja ukizidisha: miaka minne sio asilimia 36, ni exp(0.3616) kutoa 1, karibu asilimia 43.6.

Ila kuna kitu kinanikera zaidi ya hicho. Uzoefu kwenye data kama hizi hakuna aliyeulizwa, umepigwa hesabu tu: umri kutoa miaka ya shule kutoa 6. Kwa hiyo tunaposema "mwaka mmoja zaidi wa shule, uzoefu uleule" tunalinganisha watu wawili wenye umri tofauti, aliyesoma zaidi ana mwaka mmoja zaidi duniani. Ukitaka watu wa umri mmoja, aliyebaki darasani amepoteza mwaka wa kazi, na lazima uutoe: kwenye uzoefu wa miaka 10 ni 0.0904 kutoa 0.0267, inabaki kama asilimia 6. Karibu na kilele hakuna cha kutoa, 9 inabaki 9. Regresheni ni ileile moja, maswali ndo mawili, na mtu anayejiuliza aendelee na shule au aingie kazini anauliza lile la pili.

Hesabu hiyohiyo ya umri ndo inafanya kilele kihame: aliyesoma miaka 12 anakifikia kwenye umri wa miaka kama 47, wa miaka 16 kwenye 51. Na aliyekaa nje ya kazi miaka kadhaa, labda analea watoto, hii fomula inamhesabia kama alikuwa kazini muda wote.

Halafu huko kulia kwa kilele angalia kuna watu wangapi. Hapa wako 121, karibu asilimia 23, sio wachache wa kupuuza, lakini kumbuka fomula ya mraba lazima ipinde mahali fulani, na ikishapinda inashuka kwa umbo lilelile ililopandia. Tena hao wenye miaka 29 na zaidi mwaka 1976 ni watu waliomaliza shule kabla ya mwisho wa miaka ya 1940, kizazi kingine kabisa, hivyo mshahara wao kuwa chini hakusemi kwamba wa mtu yeyote ulishuka. Ukitaka hilo tafuta data inayomfuata mtu yuleyule mwaka hadi mwaka, hii ni picha ya mara moja tu.