Usafi wa ofisi kwa mkataba: dhana potofu na hesabu halisi

Mtu anayetaka kuanzisha kampuni ndogo ya usafi wa ofisi jijini Dar es Salaam huambiwa mambo mengi yanayoonekana kuwa ya kweli hadi mwezi wa pili au wa tatu wa kazi. Hapa tutatumia mfano mmoja wa kubuni: ofisi ya ghorofa mbili inayohitaji wasafishaji wanne, siku sita kwa wiki, sabuni na vifaa vikitolewa na mtoa huduma.

Dhana: biashara hii haihitaji mtaji, kwani mteja ni kampuni na hulipa kila mwezi.

Ni kweli kwamba ndoo, madekio, mashine moja ya kufyonza vumbi na sare havigharimu fedha nyingi. Mtaji unaohitajika hauko kwenye vifaa, bali kwenye mishahara. Kampuni nyingi hazilipi kazi inapokwisha. Hulipa siku 30 au 60 baada ya kupokea ankara, na ankara yenyewe huandikwa mwisho wa mwezi.

Tuseme kila msafishaji analipwa shilingi 300,000. Mishahara ya wanne ni 1,200,000. Mchango wa mwajiri NSSF, kwa kiwango cha asilimia 10, ni 120,000, na ule wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), wa asilimia 0.5, ni 6,000. Sabuni, dawa ya choo, karatasi za chooni na mifuko ya taka tuviwekee 300,000. Usimamizi na nauli, 200,000. Kisha kuna gharama ambayo wengi huisahau: kila mfanyakazi ana haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na ofisi ya mteja haiachwi bila kufagiliwa kwa sababu mtu wako yuko likizo. Atakayeshika nafasi yake lazima alipwe, na ukigawa gharama hiyo kwa miezi 12 unapata takriban 100,000 kwa mwezi. Jumla yote ni 1,926,000.

Ukianza kazi tarehe 1 Januari na ankara ya kwanza ikatoka tarehe 31, malipo ya siku 60 yatakufikia mwanzoni mwa Aprili. Kufikia hapo umeshalipa mishahara ya Januari, Februari na Machi. Hata ukiondoa fungu la likizo, ambayo bado haijafika, umetoa mfukoni karibu shilingi milioni 5.5 kabla ya kupokea senti moja. Hapo ndipo kampuni nyingi changa hukwama, nazo hukwama zikiwa na mteja mzuri na kazi isiyo na lawama. Dalili ya kwanza huonekana kwa wasafishaji: mishahara ikichelewa, wanaanza kukosa zamu, na mteja analalamikia vyoo.

Kwa hiyo swali la muda wa malipo huulizwa kabla ya kutaja bei, wala si baada ya kusaini. Mteja akishikilia siku 60, omba walau ankara ya mwezi wa kwanza ilipwe ndani ya siku 15, au sabuni na karatasi za chooni azinunue mwenyewe, jambo ambalo katika mfano wetu hupunguza karibu shilingi 900,000 kwenye fedha zinazosubiri.

Dhana: ukishakubaliana na meneja, malipo yamekwisha kuhakikishwa.

Anayependa kazi yako, anayeidhinisha matumizi na anayelipa huwa ni watu watatu tofauti. Afisa utawala ndiye anayekuita, lakini ankara huishia mezani kwa mhasibu, na mhasibu haangalii sakafu inavyong'aa. Anachotafuta ni namba ya oda ya ununuzi, ambayo maofisini huitwa LPO, risiti ya mashine ya EFD pale inapohitajika, na saini ya mtu wa ofisi hiyo inayothibitisha kwamba huduma ya mwezi huo ilitolewa. Ankara isiyo na namba ya LPO inaweza kulala wiki tatu bila mtu yeyote kukupigia simu, na hesabu ya siku 60 mara nyingi huanza siku ilipopokelewa ikiwa imekamilika. Mpelekee mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe.

Dhana: kodi ya zuio ya asilimia 5 ni hasara tu, basi iongezwe kwenye bei na isahauliwe.

Mteja anapolipia huduma kwa kawaida hukata asilimia 5 na kuipeleka TRA. Fedha hiyo si hasara. Ni kodi yako ya mapato iliyolipwa mapema kwa jina lako, nawe unaidai kwenye ritani ya mwaka ukiwa na cheti cha zuio. Asiyefuatilia cheti hana cha kuonyesha, kwa hiyo hulipa kodi hiyohiyo mara mbili.

Hata hivyo, wanaosema kwamba zuio halina madhara yoyote nao wamekosea. Tuseme bei yetu ni 2,200,000 kwa mwezi. Faida ni 274,000, na kwa mwaka ni 3,288,000. Kodi ya kampuni ya asilimia 30 ni 986,400, ilhali zuio la mwaka mzima limefika 1,320,000. Umelipa zaidi ya unachodaiwa kwa shilingi 333,600, na kuirejesha fedha hiyo ni safari ya maombi na ukaguzi. Jambo hili humpata kila kampuni ambayo faida yake haifiki takriban asilimia 17 ya bei. Usafi ni biashara ya faida nyembamba, kwa hiyo wengi wamo humo bila kujua.

Dhana: mikataba ikiongezeka, faida ya kila mmoja hubaki ileile.

Ukipata ofisi ya tatu ya ukubwa huohuo unakuwa na wafanyakazi 12, na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ya asilimia 3.5 ya mishahara yote, si ya walioongezeka peke yao. Kwa mishahara ya 3,600,000 hiyo ni 126,000 kila mwezi, karibu nusu ya faida ya ofisi moja. Ni vyema kuiweka kwenye bei tangu mkataba wa pili.

Dhana: mkataba wa mwaka mmoja ni uhakika wa mwaka mmoja.

Soma kifungu cha kuvunja mkataba. Mara nyingi mteja anaweza kuondoka kwa notisi ya siku 30, na wakati mwingine siku 14, bila kutoa sababu. Wewe, kwa upande wako, unawajibika kwa watu uliowaajiri: mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku zisizopungua 28, na aliyetimiza miezi 12 ana haki ya kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili. Notisi ya siku 14 kutoka kwa mteja, ukiwa na wasafishaji wanne wasio na ofisi nyingine ya kwenda, ni nusu mwezi wa mishahara isiyo na ankara. Omba siku 60, usikubali chini ya 30, na mikataba ya ajira ya wasafishaji iandike kwamba wanaweza kuhamishiwa kituo kingine ndani ya jiji.