"Namuuliza kwa upole, lakini hasemi"

Sentensi hiyo huisikia kutoka kwa karibu kila mzazi anayeniletea kijana kwa ushauri nasaha hapa Mbeya. Imenichosha, kwa sababu inamwachia mtoto lawama zote.

Dhana: Sauti ikiwa ya upole, huko si kuhoji.

Ukweli: Kijana hasikii sauti tu, anaangalia jibu lake limepokelewaje. Mchukue mwanafunzi wa kidato cha tatu anayefika nyumbani Uyole saa 2 usiku.

"Ulikuwa wapi, baba?"
"Kwa rafiki."
"Rafiki gani?"
"Wa shule."
"Mlikuwa mnafanya nini?"
"Hamna kitu."

Mama hakupaza sauti hata kidogo. Lakini kila jibu lilikutana na swali lililokuwa limeshapangwa kichwani, basi kijana akajibu kama mtu aliye kituo cha polisi, kwa maneno machache yasije yakamfunga.

Turudi kwenye "kwa rafiki." Safari hii mama anasema tu, "Ahaa, ulipitia kwa mwenzako," kisha anaendelea kupakua ugali. Kijana anaongeza: "Eeh, yeye ana kitabu cha hesabu. Jumatatu tuna mtihani." Sasa lipo swali linalotoka kwenye maneno yake mwenyewe: "Sehemu gani inakusumbua?" Washauri tunaofuata njia ya ushauri ya wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick tunajipima hivyo: kwa kila swali moja, mara mbili umrudishie mtu alichosema. Nyumbani hata mara moja itakusaidia sana.

Na kama jirani ameshakuambia kwamba alimwona kijana wako huko Mwanjelwa, tafadhali usiulize "ulikuwa wapi?" Huo ni mtego, na akiugundua, hata swali lako la kweli la kesho atalikwepa. Sema unachojua: "Nimeambiwa ulikuwa Mwanjelwa jioni. Nieleze ilivyokuwa."

Dhana: "Kwa nini" ndilo swali la mtu anayetaka kuelewa.

Ukweli: Kwa mtu aliyekosea, "kwa nini umechelewa?" humlazimisha ajitetee. "Ilikuwaje leo?" humpa nafasi ya kusimulia, na sababu utaikuta humohumo.

Dhana: Akinyamaza, rudia swali.

Ukweli: Mara nyingi bado anatafuta maneno. Mtafiti Mary Budd Rowe alichunguza madarasa ya sayansi Marekani katika miaka ya 1970, akakuta walimu wakisubiri jibu kwa takribani sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka. Ukirudia swali mapema, unamkatiza katikati ya kufikiri.

Haya yote ni ya mazungumzo ya kawaida. Ukimwona ana jeraha, au anasema hataki kuishi, usizunguke. Muulize waziwazi usiku huohuo: "Kuna mtu amekuumiza?" au "Unafikiria kujiua?" Kisha kaa naye, usimwache peke yake mpaka mfike kwa mtaalamu.