Malalamiko kuhusu swali la kupanga tarakimu: ufunguo wa majibu haujakosewa

Tangu matokeo ya mtihani wa uwezo wa kufikiri yatoke, dawati la usahihishaji limepokea malalamiko mengi kuhusu swali moja: lile la kupanga tarakimu za kila namba kisha kuhesabu zisizobadilika. Wengi wanadai ufunguo wa majibu una kosa. Tumeupitia tena na hauna. Kilichowakwamisha watahiniwa ni sentensi ya swali, wala si hesabu.

Namba za mtihani wenyewe haziruhusiwi kutolewa hadharani, kwa hiyo tutumie nyingine za aina hiyo hiyo: 358, 472, 269, 741, 583. Swali linasema: tarakimu za kila namba zikipangwa ndani ya namba hiyo kuanzia ndogo hadi kubwa, ni namba ngapi zitabaki kama zilivyokuwa? Ukipanga unapata 358, 247, 269, 147, 358. Zilizobaki ni mbili, 358 ya kwanza na 269. Jibu ni 2.

Hapa ndipo lalamiko la kwanza linapozuka: “Mbona 358 inaonekana mara mbili?” Ni kweli, lakini ile ya mwisho ilikuwa 583. Kila namba hulinganishwa na ilivyokuwa yenyewe, si na jirani zake.

Kundi la pili lilipanga namba zenyewe badala ya tarakimu zake: 269, 358, 472, 583, 741. Hakuna namba iliyobaki katika nafasi yake, wakajibu 0. Kundi la tatu lilihesabu tarakimu badala ya namba: tatu za 358, tatu za 269, na ile 4 ya 741 ambayo inabaki katikati hata baada ya kupanga. Jumla 7. Hesabu zote mbili zimefanywa vizuri kabisa, ila ni majibu ya maswali ambayo hayakuulizwa. Na ndiyo, 0 na 7 huwekwa miongoni mwa machaguo kwa makusudi. Huo si mtego wa kuonea mtu. Kinachopimwa ni usomaji makini.

Swali linapouliza namba, kwa kweli huhitaji kupanga chochote. Soma tarakimu kutoka kushoto kwenda kulia; ukikuta yoyote iliyo kubwa kuliko inayoifuata, namba hiyo itabadilika, iache uende nyingine. Kwa 472 unasimama kwenye 7 na 2. Zinazofanana zikifuatana, kama 255, hakuna kinachobadilika.

Swali likiuliza tarakimu, hapo lazima upange, uandike namba mpya chini ya ile ya awali, ulinganishe nafasi kwa nafasi. Chukua 5241879. Ikipangwa inakuwa 1245789. Zilizobaki ni 2, 4 na 9, yaani tatu. Njia ya kujikagua ni hii: haiwezekani tarakimu moja pekee ihame, kwa sababu pale inapokwenda lazima iondoe nyingine. Kwa hiyo namba ya tarakimu saba haiwezi kutoa jibu 6. Wapo waliojaza jibu la namna hiyo na bado wakaomba alama zao zipitiwe upya.

Mawili zaidi, kwa ufupi. Sifuri haifutwi: 640 inakuwa 046, na 4 inabaki katikati. Ukiandika 46 umepoteza nafasi moja, na ulinganisho wote unaharibika. Tarakimu zinazojirudia nazo hazina majina: 25325 ikipangwa ni 22355, na zinazohesabiwa ni nafasi ya kwanza, ya tatu na ya tano. Hatuulizi ni 2 ipi iliyohama.

Kuhusu alama, katika mtihani wetu jibu lisilo sahihi hukatwa robo alama, nafasi iliyoachwa tupu haikatwi, na majibu mawili kwa swali moja huhesabiwa kuwa jibu lisilo sahihi hata kama mojawapo ni sahihi. Jibu lililofutwa nusu mashine hulisoma kama limejazwa, hivyo linaingia katika kanuni hiyo hiyo. Upangaji ufanyike kwenye karatasi ya rafu. Ukiandika pembeni mwa karatasi ya majibu, karatasi hiyo huondolewa kwenye mashine na kusahihishwa kwa mkono, jambo linalochelewesha matokeo yako.

Anayetaka kupinga alama aandike namba ya swali, jibu alilochagua na hatua zake zote, pamoja na mstari wa tarakimu zilizopangwa. Maombi yanayosema tu kwamba “jibu langu ni sahihi” yanarudishwa bila kushughulikiwa. Swali likithibitika kuwa na maana mbili, halifutwi kwa mlalamikaji peke yake. Linaondolewa kwa watahiniwa wote na alama hukokotolewa upya, hivyo anayelalamika anaweza kupanda au hata kushuka.