Pikipiki ya Mkataba na Logibuku Bandia: Namna ya Kumjua Mwenye Mali

Tuchukue mfano wa mwendeshaji bodaboda wa Kisumu aliyekabidhiwa pikipiki iliyotumika kwa malipo ya awali ya shilingi 20,000, kisha shilingi 400 kwa siku, siku 26 kila mwezi, hadi itimie miezi 15 iwe yake. Mwezi wa 11 ulipokwisha, akiwa amelipa jumla ya shilingi 134,400, mawakala wa kampuni ya mikopo waliikamata pikipiki stejini, kwa sababu aliyemkabidhi aliinunua kwa mkopo na akaacha kuulipa. Logibuku aliyoonyeshwa ilikuwa na jina la huyo bwana peke yake, ilhali iliyo kwenye rejista ilikuwa na majina mawili, lake na la kampuni.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 8, humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye chombo hadi ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo kinachohitaji kusomwa ni rejista, wala si karatasi, hata ikiwa na mhuri unaong'aa. Mwendeshaji aingie kwa akaunti yake mwenyewe ya eCitizen, afungue huduma za NTSA, mamlaka inayotunza rejista hiyo, aombe taarifa za umiliki kwa kutumia nambari ya usajili na alipe ada inayoonyeshwa. Asikubali majibu yaliyokwisha kupakuliwa kwenye simu ya muuzaji, maana anayeweza kughushi logibuku hashindwi kughushi na majibu hayo.

Hata hivyo, rejista hujibu kuhusu nambari ya usajili tu, na walaghai hufunga bamba la pikipiki halali kwenye nyingine inayofanana nayo. Ndiyo maana inafaa kuinama na tochi mchana kweupe: nambari ya chesisi huwa imegongwa kwenye shingo ya usukani, na ya injini kwenye ubavu wa injini, chini. Futa matope, kisha linganisha herufi moja moja na majibu ya rejista. Nambari ya chesisi ya kisasa ina tarakimu na herufi 17, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q. Ukiiona mojawapo, au ukikuta chuma kimesuguliwa na kupakwa rangi upya, usitoe pesa.

Jina la kampuni likitokea kando ya la muuzaji, si lazima uwe ulaghai, kwani ndivyo mikopo halali inavyosajiliwa. Nenda ofisi ya kampuni yenyewe, si kwa nambari ya simu uliyopewa na muuzaji, uulize deni lililobaki na kama inaruhusu pikipiki kukabidhiwa mtu mwingine. Ikikubali, iandike ridhaa hiyo, na mkataba wenu utaje nambari ya chesisi na siku ambayo muuzaji ataanzisha uhamisho wa umiliki katika akaunti yake ili nawe uukubali katika yako, kwa kuwa fomu iliyotiwa sahihi pamoja na nakala ya kitambulisho haibadilishi jina kwenye rejista.